Jinsi nilivyoifanya simu yangu ya zamani iitike upesi
Simu yangu ya Android ilikuwa ikikawia kila nilipofungua programu. Katika mipangilio, kwenye maelezo ya simu, niligusa Build number mara 7 na menyu iliyofichwa ya Developer options ikajitokeza. Humo nilishusha vipimo vitatu vya mwendo wa picha, yaani Window animation scale, Transition animation scale na Animator duration scale kutoka 1x hadi .5x, na papo hapo madirisha yakaanza kufunguka kwa nusu ya muda wa awali. Kichakataji hakikuongezeka kasi. Kilichopungua ni muda wa kusubiri mwendo wa picha umalizike, kwa hiyo programu nzito bado huchelewa kupakia. Nilipovizima kabisa vipimo hivyo vitatu, alama ya kuzunguka inayoonyesha kwamba kazi inaendelea iliganda katika baadhi ya programu, nikadhani simu imekwama, ndipo nikarudi kwenye .5x.