Dhamira zangu zilikuwa vichwa vya mada tu, hivi ndo nilivyozirekebisha

Disatesheni yangu ya uuguzi ni mahojiano na manesi wa wodi ya upasuaji, jinsi wanavyotuliza maumivu ya wagonjwa usiku. Baada ya kuweka koodi, yaani kukipa kila kipande cha mahojiano jina fupi, nikabaki na makundi kama "Upungufu wa dawa", "Mawasiliano", "Ndugu wa mgonjwa", supavaiza akasema hizo si dhamira, ni maswali ya mwongozo yamegeuzwa vichwa.

Kilichosaidia ni kurudi kwenye koodi na kuzifanya zibebe tendo. Nesi mmoja alisema "namwambia daktari anakuja, na najua simu hajapokea", ilikuwa chini ya "Mawasiliano", nikaiita "kumnunulia mgonjwa muda". Hapo ikakutana na "kumgeuza alalie ubavu" na "kumwita ndugu akae naye", zilizokuwa makundi tofauti kabisa, kumbe wazo ni moja: pasipo dawa, nesi anaziba pengo kwa uwepo wake. Hiyo ndo ikawa dhamira, nikaiandika hivyo hivyo, sentensi nzima.

Kisha nikasoma tena mahojiano yote nikitafuta wanaoipinga, wawili hawakuendana maana zamu zao morfini ilikuwepo, nikawaeleza kwenye matokeo badala ya kuwaficha. "Upungufu wa dawa" ukabaki muktadha.