Kipimo cha choo cha mjomba

Jumapili, baada ya isha

Leo nimevuka feri kwenda Likoni kumwona mkazamjomba. Arubaini ya mjomba imepita, watu wamepungua barazani, na kwa mara ya kwanza tulikaa wawili tu. Nilikwenda na jambo ambalo nimelibeba tangu siku ya mazishi.

Mjomba alianza kubanwa kifua akiwa na miaka 58. Utotoni hakuwa na pumu, wala kwao hakuna mwenye pumu. Hesabu ya damu yake ilionyesha iosinofili asilimia 14, ilhali kwa kawaida hazizidi 5 au 6. Hizo ni seli nyeupe zinazopanda kwa mwenye pumu au mzio, na pia kwa mtu mwenye minyoo inayosafiri mwilini. Daktari aliliwaza hilo, akaagiza choo kipimwe. Kikaletwa maabara ninayofanya kazi, na mimi ndiye niliyekisoma. Nikaandika kwamba hakuna minyoo iliyoonekana. Basi ikabaki pumu, na mjomba akaandikiwa predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 kila siku.

Mnyoo niliokuwa nikiutafuta unaitwa strongiloidesi. Mtu huupata kwa kukanyaga udongo au matope yenye choo cha mtu mwenye nao. Kiluwiluwi hupenya ngozi ya mguu, huingia kwenye damu, hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na kutulia kwenye utumbo mwembamba. Jike ana urefu wa milimita mbili hivi, mwembamba kama uzi, na hutaga bila dume. Mayai huanguliwa papo hapo kwenye ukuta wa utumbo. Ndiyo maana katika choo cha mgonjwa hatuoni mayai kama tuyaonavyo ya safura, tunaona viluwiluwi.

Wengi wa viluwiluwi hao hutoka na choo ili wakomae kwenye udongo. Wachache hawangojei kutoka. Hukomaa wakiwa bado tumboni, hutoboa utumbo mpana au ngozi ya njia ya haja kubwa, na kuanza upya safari ya damu, mapafu na koo. Mtu hujiambukiza mwenyewe, bila kukanyaga tope tena. Minyoo ya safura haiongezeki mwilini usipoambukizwa upya, na huzeeka ikafa. Huu hujizalia warithi ndani ya mwenyeji wake. Wanajeshi wa Uingereza waliofanyishwa kazi ya utumwa kwenye reli ya Thailandi na Bama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walipopimwa zaidi ya miaka 30 baadaye, baadhi yao walikuwa bado nao.

Mjomba alilima mpunga Kwale, miguu mitupu, hadi alipohamia Likoni akiwa kijana. Mimi nayajua mashamba yale. Lakini siku ile, mbele ya hadubini, lile tone halikuwa na jina la mtu, lilikuwa na namba tu.

Kwa kawaida kinga ya mwili huwabana viluwiluwi hawa, na iosinofili zimo katika ulinzi huo. Wanaofanikiwa kurudi ni wachache, na mtu huishi miaka mingi akiwa na mkuno au tumbo la kusumbua tu. Dawa za jamii ya steroidi huushusha ulinzi huo. Tena wapo watafiti wanaoamini kwamba dawa yenyewe huwaharakisha viluwiluwi kukomaa wakiwa ndani. Waliokuwa wachache huwa maelfu, na kila mmoja anayetoboa utumbo huweza kupita na bakteria wa choo na kuwaingiza kwenye damu.

Siku za mwanzo mjomba alipata nafuu. Alikwenda Kongowea mwenyewe kununua samaki. Wiki ya tatu tumbo likajaa, akatapika, kifua kikabana kuliko mwanzo. Dozi ya predinisoloni ikaongezwa, kwa kuwa pumu inayozidi hutibiwa hivyo. Damu ilipopimwa tena, iosinofili zilikuwa sifuri. Yeyote angesoma hiyo kuwa habari njema, mzio umetulia. Kumbe dawa ilikuwa imewaondoa walinzi. Ndiyo maana iosinofili zikiwa chini kwa mtu aliye kwenye steroidi, hazimwondolei shaka ya mnyoo huu.

Usiku aliolazwa alikuwa na homa kali, na kuzunguka kitovu palikuwa na madoa ya zambarau, kama mtu aliyebonyezwa kwa dole gumba lenye wino. Makohozi yake yaliletwa kutafutwa kifua kikuu. Niliweka tone kwenye kioo bila rangi yoyote. Viluwiluwi hawakuhitaji kutafutwa. Walikuwa wakijinyonganyonga kila nilikosogeza kioo.

Nilimpigia daktari wa zamu, ivamektini, dawa ya mnyoo huu, ikaanzishwa usiku uleule, ikisagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani, pamoja na dawa kali za bakteria. Lakini utumbo ulikuwa umesimama, na dawa ya kumeza haifiki popote utumbo ukisimama. Damu yake iliotesha bakteria wa tumboni. Siku ya nne akafariki. Mfumuko huu ukishafika hapo huua wengi, hata wanaopata dawa sahihi.

Nimekitafakari sana kile kipimo changu. Sikukisoma vibaya, na hilo halinipi raha. Mtu anayeishi na mnyoo huu kimyakimya hutoa viluwiluwi wachache, tena si kila siku. Kipimo kimoja cha choo kwenye kioo huwakosa zaidi ya nusu ya wenye nao. Iko njia nzuri zaidi na haina gharama: funga choo kingi kwenye shashi, kiweke kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu na mpira uliobanwa chini, uache saa kadhaa. Viluwiluwi huufuata uvuguvugu, hutoka kwenye choo, na kuzama chini ya mpira. Unafungua, unachukua matone ya mwisho, unayatazama. Mimi niliifahamu njia hiyo tangu chuoni. Hakuna aliyeiomba, nami sikuipendekeza. Ningeandika pale chini, kipimo kimoja hakitoshi kabla ya steroidi, rudieni. Au daktari angempa ivamektini kwa tahadhari tu, kwa mtu wa shamba la mpunga mwenye asilimia 14.

Leo mkazamjomba ameniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa miaka mingi mjomba alikuwa akiwashwa makalioni na kiunoni, na mstari mwekundu ulikuwa ukitembea. Asubuhi uko hapa, kabla ya adhuhuri umesogea vidole vinne. Akampaka mafuta ya nazi, wakidhani ni joto. Alikuwa ni kiluwiluwi akipita chini ya ngozi, na hakuna upele mwingine unaokimbia hivyo.

"Na dawa ya minyoo alikuwa akimeza, mwanangu," akasema. "Kila walipogawa."

Ile ni albendazoli, kidonge kimoja. Mnyoo huu mara nyingi haiutoi.

Yeye naye alilima shamba lilelile. Wiki iliyopita nilimwomba choo nikakiweka kwenye faneli, na chini ya mpira walikuwepo wawili. Ana kilo 60. Ivamektini hupimwa mikrogramu 200 kwa kila kilo, kwa hiyo daktari amemwandikia miligramu 12, vidonge vinne vya miligramu tatu tatu. Amevimeza mbele yangu kwa maji, kabla ya kula.

Akavitazama viganja vyake. "Vinne tu?"

"Vinne, na vingine vinne baada ya wiki mbili."

Hakuuliza zaidi. Amenifungia mahamri kwenye gazeti, nikarudi na feri ya magharibi.