Tarehe na Madhumuni: Jinsi Nilivyoandika Upya Barua ya Kumwalika Mgeni Tabora

Mwaka 2024 nilikuwa katibu wa chama chetu cha wafugaji nyuki hapa Tabora, na kazi ya kumwandikia barua ya mwaliko mgeni wetu kutoka Marekani, mnunuzi wa asali, iliniangukia mimi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na aya mbili tu, nami niliona imetosha. Niliandika kwamba tunamkaribisha kwa ziara kuanzia 08/07/2024 hadi 11/07/2024, ili tubadilishane uzoefu na kudumisha ushirikiano.

Siku chache baadaye mgeni alinitumia nakala ya fomu ya viza aliyokuwa akiijaza mtandaoni, katika visa.immigration.go.tz, nikashtuka kuona ameweka siku ya kuingia nchini kuwa tarehe 5 Agosti. Kwao mwezi huandikwa kabla ya siku, kwa hiyo 08/07 yangu aliisoma kuwa tarehe 7 Agosti. Lau angeiwasilisha fomu ile pamoja na barua yangu, afisa wa uhamiaji angekuta mikutano imekwisha karibu mwezi mzima kabla mgeni hajafika. Tangu siku hiyo siandiki mwezi kwa tarakimu katika barua ya mwaliko. Naandika "Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024", kwa kuwa jina la siku nalo humsaidia msomaji kugundua kosa.

Nilimpelekea rasimu mjomba wangu, karani mstaafu, naye akaisoma mara mbili.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu mgeni anakuja kufanya nini hasa?"

"Kubadilishana uzoefu, mjomba."

"Hilo si jibu. Atakaa na nani, wapi, na watazungumza nini?"

Swali lake ndilo lililofichua tatizo kubwa zaidi. Kwa kusoma neno "ziara", mgeni alikuwa amechagua viza ya matembezi, likizo, kutembelea ndugu na mambo ya namna hiyo. Lakini sisi tulikuwa tumepanga ajadiliane nasi bei ya asali, na siku moja awaonyeshe wanachama namna ya kupima unyevu wa asali. Mazungumzo ya biashara na mafunzo ya muda mfupi yanaangukia viza ya biashara, ambayo ada yake ilikuwa dola 250 za Marekani na ukaaji wake hauzidi miezi mitatu. Nilisikitika kumwongezea gharama, lakini sikuwa tayari kuficha biashara nyuma ya neno "ziara", kwa sababu ambaye angesimamishwa mpakani na kuhojiwa ni yeye.

Sehemu ya madhumuni tuliiandika upya, kwa Kiingereza kama barua ya kwanza. Kwa Kiswahili ilisomeka hivi:

"Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, atakutana na kamati ya uongozi katika ofisi ya chama, Tabora Mjini, kujadili ubora wa asali inayotakiwa sokoni kwake. Jumanne, tarehe 9 Julai, atawaonyesha wanachama wetu wa Sikonge upimaji wa unyevu. Jumatano, tarehe 10 Julai, atatembelea mizinga ya wanachama Urambo. Alhamisi, tarehe 11 Julai, atarudi Tabora Mjini kwa mazungumzo ya bei. Hatalipwa mshahara wala posho na chama. Nauli na malazi atajigharamia mwenyewe."

Juu ya aya hiyo tuliweka jina lake lote kama lilivyo katika pasipoti, uraia wake na namba ya pasipoti, nami nilizilinganisha herufi kwa herufi na nakala aliyonitumia. Kisha tukaongeza sentensi moja niliyokuwa nimeisahau kabisa: kwamba atawasili Dar es Salaam tarehe 5 Julai na kuondoka nchini tarehe 14. Siku za mikutano ni nne, lakini tiketi yake ilionyesha siku kumi, na barua isiyoeleza siku za safari huacha pengo ambalo afisa atalazimika kuliuliza.

Mwenyekiti wetu alitia saini juu ya jina na cheo chake, tukapiga muhuri, tukaiskani pamoja na cheti cha usajili wa chama. Hatukuandika popote kwamba tunamhakikishia viza, kwa sababu uamuzi huo si wa mwalikaji. Nilimsihi pia achapishe nakala moja na kuiweka katika mkoba wa mkononi, si katika begi la kupakiwa. Namba niliyoweka ilikuwa ya simu yangu ya mkononi, kwa kuwa ofisi yetu hufungwa mchana siku za kwenda porini.

Viza ilitoka. Tarehe 5 Julai simu yangu iliita: afisa uwanjani alitaka kujua mgeni anakwenda kwa nani. Nilimsomea ratiba kutoka katika nakala yangu, na yeye akawa anaifuata katika nakala ya mgeni.