Siku moja maishani mwangu: Kifaransa cha ofisi ya mizigo, Dar

Nikisema nafanya kazi kampuni ya kupitisha mizigo bandarini, watu hunipa pole ya jua na vumbi. Jua silioni. Nashinda ofisini napokea imeili ndefu za wenzangu na kuzitoa zikiwa Kifaransa kifupi ambacho mteja wa Lubumbashi atakisoma na kukifanyia kazi. Mizigo mingi ya Katanga hushuka Dar es Salaam, ikapanda lori hadi Tunduma, ikakata Zambia na kuingia Kongo pale Kasumbalesa. Kwenye simu tunaelewana kwa Kiswahili, chao na chetu. Likija suala la maandishi, iwe hati, malipo au forodha, upande wao ni Kifaransa. Mimi ni wa Kigoma, shule nilisomea Bujumbura, basi mzigo huo ukaniangukia.

Siku ninayoisimulia ni Jumanne, 10 Juni 2025.

Saa moja na nusu asubuhi. Foleni, chai ya rangi, kompyuta. Majibu mafupi ya "tumepokea, asante" yanaisha kabla chai haijapoa.

Saa tatu kasorobo. Inaingia imeili ya mkuu wa operesheni. Ofisi nzima tunamwita Mzee, na anajua bandari kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Tatizo ni kwamba anaandika jinsi anavyoongea. Juu ameniwekea: "Binti yangu, nigeuzie hii kwa Kifaransa, tafsiri yote kama ilivyo."

Inaanza na salamu za Idi iliyopita na kuulizia familia ya mteja. Inafuata habari ya meli iliyochelewa kutia nanga, kisha lori lililoharibikia njiani mwezi uliopita, ambalo halihusiani na mzigo huu. Halafu ankara ya mwezi wa nne ambayo haijalipwa. Halafu malalamiko kwamba kontena la vipuri vya migodi, faili namba 114, "lina shida kwenye FERI", na kwamba sisi si wa kulaumiwa. Halafu shukrani kwa ushirikiano wa miaka mingi. Mwisho kabisa: "Tunaomba suala hili lishughulikiwe haraka iwezekanavyo."

Kwa wasioijua, FERI ni fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, iliyo chini ya OGEFREM, shirika la serikali yao. Huombwa kwa kutumia hati ya shehena, yaani BL, pamoja na ankara ya bidhaa na ya usafirishaji. Taarifa zake zikipishana na BL, mzigo unakwama.

Ningeitafsiri ile imeili kama ilivyo, ingejaza skrini mbili. Napata picha ya yule bwana wa Lubumbashi akiisoma kwenye simu, kati ya mkutano na mkutano. Atafika kwenye lori lililoharibika, atafunga. Kesho tutampigia, atasema kwa nia njema kabisa: "Niliiona, lakini hamkuomba kitu."

Muundo ninaotumia ni ule unaofundishwa kwa barua za ofisi za Kifaransa: kwanza muktadha, kisha ombi, kisha tarehe ya mwisho. Kila kipande aya yake. Muktadha ni yale tu ambayo msomaji asipoyajua hataelewa ombi, na kwangu hauzidi sentensi mbili. Ombi lina kitenzi kinachosema afanye nini, na linamtaja wa kufanya. Mwisho ni siku, tarehe, saa, na kitakachotokea saa hiyo ikipita.

Muktadha napata upesi. Nafungua BL na FERI, naziweka ubavu kwa ubavu. BL inasema uzito ghafi kilo 24,860, FERI inasema 22,860. Tarakimu moja. Hiyo ndiyo "shida" yote ya Mzee, na kwenye imeili yake ndefu hakuitaja hata mara moja, kwa sababu kichwani mwake kila mtu anaijua.

Ombi linachukua muda zaidi. Mzee ameandika "lishughulikiwe". Na nani? Mtu akiogopa kuonekana anaamrisha hukimbilia sentensi za namna hiyo, na Kifaransa nacho kinazo tele: *il serait souhaitable que le poids soit corrigé*, ingependeza uzito urekebishwe. Ni sentensi ya adabu, na kila anayeisoma anamsubiri mwenzake. FERI hii iliombwa na wakala wa mteja, hivyo sisi hatuwezi kuigusa. Kwa hiyo ombi linakuwa: wewe mteja, mwambie wakala wako asahihishe uzito, kisha ututumie FERI mpya. Namwuliza Mzee kwa simu ya mezani kama ndivyo. "Si ndivyo nilivyoandika?" anajibu.

Tarehe ya mwisho ndiyo inayoniinua kitini. Ndani ya imeili haimo. "Haraka iwezekanavyo" kwa Kifaransa ni *dans les meilleurs délais*, maneno mazuri ambayo hayamfungi mtu. Naenda kwa dada wa makontena: siku za bure za storeji zinaisha lini? Ijumaa usiku, tarehe 13. Naenda kwa kijana wa matamko ya forodha: ukipata FERI sahihi, unahitaji muda gani? Anataka jioni moja kamili. Naenda kwa mpanga malori: anaweza kupakia Alhamisi, na Ijumaa abaki nayo kama akiba, maana getini lolote linaweza kutokea. Nahesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa: Alhamisi kupakia, Jumatano jioni tamko, basi FERI iwe mkononi Jumatano saa kumi alasiri.

Hapo sijamaliza. Saa kumi yetu ni 16 h kwa saa ya kizungu, na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwake ni 15 h. Naandika saa yake, na naitaja kuwa ni ya kwake. Nimewahi kuona imeili ya kampuni nyingine iliyoandika "10 h" bila mji. Anayetuma alimaanisha Dar, anayepokea akasoma Lubumbashi, na saa nzima ikapotelea hapo bila mtu wa kulaumu.

Saa tano kasoro. Hii ndiyo niliyompelekea Mzee:

```
Objet : Dossier 114 – FERI à corriger –
au plus tard mercredi 11 juin, 15 h

Monsieur,

Le conteneur du dossier 114 est au port de
Dar es Salaam. Le poids brut inscrit sur la FERI
(22 860 kg) diffère de celui du connaissement
(24 860 kg), ce qui bloque son départ.

Je vous prie de bien vouloir faire corriger ce
poids par votre agent et de nous envoyer la FERI
rectifiée.

Il nous la faut au plus tard le mercredi 11 juin
à 15 h (heure de Lubumbashi). Passé cette heure,
nous ne pourrons plus garantir la sortie avant la
fin de la franchise, vendredi soir, et le
magasinage vous serait facturé.

Cordialement,
```

Nikaambatisha BL na FERI, uzito umezungushiwa duara jekundu kwenye zote mbili.

Mzee hakujibu. Alikuja mwenyewe, miwani kwenye paji la uso.

"Binti yangu, umenikatia heshima yote. Huyu mtu nimemjua tangu ana lori moja. Naanzaje na kontena?"

"Heshima ipo, Mzee. Hapa, *je vous prie de bien vouloir*. Hiyo ni kuomba kwa mikono miwili."

"Na Idi?"

"Mpigie simu. Idi kwa sauti yako ni bora kuliko Idi yangu ya kuandika."

Akakaa. Nikajua saa yangu ya mchana imekwisha. Alitaka lori la mwezi uliopita lirudi, ili mteja aelewe kwamba tumehangaika. Nikamwambia lori likirudi, mteja atajibu kuhusu lori. Alitaka ankara ya mwezi wa nne. Nikamwonyesha kuwa ankara inasomwa na mhasibu wao, na FERI na mtu wa manunuzi. Ukiziweka pamoja kila mmoja atafanya ya mwenzake isubiri. Hiyo aliikubali, kwa shingo upande. Kisha akagusa sentensi ya storeji: "Hii ni vitisho." Hapo alikuwa na hoja. Nilikuwa nimeandika *sera facturé*, itatozwa, nikaifanya *serait*, ingetozwa. Herufi mbili, na sentensi imeshuka kutoka kwenye onyo hadi kwenye taarifa. Ile iliyo hapo juu ndiyo iliyorekebishwa. Tukabishana pia juu ya kumalizia. Yeye alitaka ile fomula ndefu ya *veuillez agréer*, nami nikamwambia kwa mteja tunayeandikiana naye kila wiki ingesomeka kama tumegombana.

Imeondoka saa sita na dakika kumi. Lubumbashi ilikuwa saa tano na kumi. Mzee akampigia Idi yake, nikamsikia akicheka korido nzima.

Wali maharage, mezani pangu.

Mchana umeniponyoka. Mteja alijibu kwa mstari mmoja, *bien reçu, on s'en occupe*, yaani wanashughulika. Wengi ofisini walishangilia. Mimi sikushangilia, maana "wanashughulika" hakuna jina wala saa. Nikarudisha mistari miwili: nikauliza ni wakala gani atakayesahihisha, na kama 15 h ya kesho inawezekana, ndiyo au hapana. Katikati hapo nikapokea imeili nyingine tatu za kugeuza, moja ina viambatisho ambavyo havikuambatishwa, nyingine haina swali kabisa na nilipomfuata mwandishi akasema, "Ah, nilitaka tu wajue." Macho yanawaka. Shingo imekakamaa.

Kama saa kumi na kitu hivi, simu. Wakala mwenyewe, Kiswahili cha Lubumbashi. "Mama, ni kilo ya BL njo ya kweli?" Ndiyo, ya BL. Akaniambia amekwisha kuomba marekebisho na kesho kabla ya saa yetu atatuma. Nikamwomba aliandike. Akaandika, na saa akaitaja. Nikaipeleka kwa kijana wa matamko ili aache nafasi yake ya Jumatano jioni.

Nilikuwa nimebeba mkoba tayari Mzee aliponitumia imeili ya ankara, sasa peke yake kama tulivyokubaliana, ndefu kuliko ya asubuhi, lori lile limo. Nikamwuliza mlangoni ilipaswa kulipwa lini.

"Wewe andika haraka iwezekanavyo."

Nikamwambia kesho nitaanzia uhasibu kuuliza tarehe, ndipo niandike. Nikawahi daladala.