Mlinganyo wa wimbi kwenye uzi: nilivyotoka kwenye sifuri

Nilikuwa natafuta mlinganyo wa wimbi kwa kuangalia kipande kidogo cha uzi, chenye urefu Δx, lakini kila nilipokokotoa, nguvu zilikatana nikabaki na sifuri. Nilidhani kwa kuwa mvutano T ni ule ule kwenye ncha zote mbili za kipande cha uzi, basi hakuna kinachokisukuma. Kumbe kosa lilikuwa kwenye pembe: uzi umepinda, kwa hiyo mwinamo wa ncha ya kulia haulingani na wa kushoto. Nguvu ya wima ni T mara tofauti ya miinamo hiyo, yaani T·y_xx·Δx, ambapo y ni kimo cha uzi na y_xx ni jinsi mwinamo unavyobadilika kadiri unavyosogea kwenye uzi. Masi ya kipande ni μΔx, μ ikiwa masi ya kila mita ya uzi, na mchapuko wake wa wima ni y_tt. Nikaviingiza kwenye kanuni ya pili ya Newton, Δx ikajifuta yenyewe:

```
T y_xx = μ y_tt
```

Kasi ya wimbi ni √(T/μ). Kwa T = 100 N na μ = 0.01 kg/m, napata mita 100 kwa sekunde. Hii ni kwa miinamo midogo tu. Uzi ukiinama kwa pembe kubwa θ, sin θ inayotoa nguvu ya wima na tan θ ambayo ndiyo mwinamo huachana.