Mwaka huu hotuba yangu ya kuwashukuru wafanyakazi ilikaa sawa

Nina duka la khanga na vitenge Kariakoo, wafanyakazi wanane. Desemba kwetu si mchezo: wateja wa Lubumbashi, Komoro na mikoani wote wanataka mzigo siku moja, na wenyeji wanataka nguo za sikukuu. Tukishamaliza, tunapika pilau, tunakaa pamoja, nami nasimama kusema asante. Mwaka huu nimeshukuru hadi watu wakatulia wakinisikiliza, na nimeona nieleze nilivyofanya, maana mwaka juzi niliharibu.

Mwaka ule mfanyabiashara mwenzangu aliniambia, "Wasomee mauzo, wajivunie." Nikawasomea. Nilipotaja jumla ya msimu niliona kijana wa stoo akimtazama mwenzake, midomo inahesabu. Bahasha niliyoandaa ilikuwa ya elfu thelathini. Ukishamtajia mtu mamilioni, bahasha hiyo inageuka matusi mkononi mwake. Ushauri ule nisingempa hata adui.

Lakini kubwa lilikuwa la khanga. Nilichukua doti kwenye rundo lililobaki, nikawagawia wanawake, kila mmoja yake, bila kusoma majina. Mimi, ninayeuza khanga miaka yote hii! Keshia wetu akafungua yake mbele ya watu, jina limeandikwa "Hasidi hana sababu". Wiki hiyo alikuwa amekorofishana na muuzaji wa kaunta kuhusu chenji iliyopotea. Akajua nimempiga kijembe hadharani, tena mbele ya mumewe. Aliikunja ile khanga taratibu, akaiweka chini ya kiti, na alipoondoka hakuichukua. Nilimfuata kwake Jumapili na mke wangu kumwomba radhi. Alinielewa, ila iliniuma.

Safari hii nilianza mapema Novemba. Nilinunua daftari dogo, likakaa droo ya kaunta, na kila jioni wakati wa kufunga hesabu naandika mstari mmoja: nani, tarehe, kafanya nini. Usingoje siku ya sherehe ndipo ukumbuke, kwa sababu utakaowakumbuka ni wa mbele tu, wanaokaa karibu nawe. Mlinzi, mama wa usafi na kijana wa mkokoteni utawapa "na wengine wote", na wao wanalisikia hilo. Nilipolipitia daftari siku mbili kabla, jina la mama wa usafi halikuwamo hata mara moja. Nikawauliza wenzake. Kumbe ndiye aliyekuwa akiwachemshia chai ya saa kumi na moja alfajiri siku za kupakia lori la Tunduma, sukari akinunua yeye. Nikamrudishia hela yake kwanza, ndipo nikaandika.

Saa za ziada nazo nililipa kabla ya sherehe, mara moja na nusu kama sheria ya ajira ya 2004 inavyotaka. Deni na shukrani havikai kwenye bahasha moja.

Nilisema kabla ya chakula, watoto hawajaanza kulia njaa, kama dakika saba. Mauzo sikutaja. Makosa sikutaja, wala habari za "mwakani tukaze". Kwa kila mtu nilisema tukio moja tu na urefu uleule, nikianza na mlinzi na kumaliza na meneja, ili asiwepo wa kujiona kashika mkia. Kwa mlinzi nilisema hivi: "Mzee wangu, usiku ule wa mvua maji yalipoingia stoo, uliyapandisha marobota kumi na moja juu ya mbao peke yako. Asubuhi nilikuta moja tu limelowa pembeni. Ahsante sana, baba." Mkewe alikuwa amekaa pembeni yake. Akamgeukia akamwambia, "Kumbe ndiyo maana mgongo ulikuuma!"

Khanga nilitoa tena, lakini safari hii zote za rangi moja na jina moja, "Wema hauozi", nikalisoma kwa sauti kabla ya kugawa. Wanaume nao walipata, wapeleke kwa mama au mke. Bahasha nilimpa kila mtu faragha, mlangoni, wakati wa kuagana. Jumla pamoja na pilau na soda ilinitoka kama laki saba na ushee.

Keshia alijifunga ya kwake palepale. Mlinzi alikuwa wa mwisho kuondoka. Akaniuliza, "Bosi, yale marobota uliyahesabu wewe?" Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mstari wake na tarehe. Akavaa miwani, akausoma mara mbili, kisha akaomba akate ule ukurasa aende nao. Nikamkatia mwenyewe, kwa rula, usichanike.