Siku kahawa ilipomwagiwa mvua katikati ya hutuba

Mwanangu amenipigia jana kutoka kambi ya ujenzi alikopata kibarua. Wako Waislamu tisa pale, msikiti uko mbali, na wenzake wanataka kuswali Ijumaa hapohapo. "Baba, inasihi?" Nilimwambia anipe muda, kisha usiku kucha nikawa namkumbuka marehemu baba yangu na ule msikiti wetu wa bati, juu ya mji wa Moshi.

Kijijini kwetu Waislamu tulikuwa wachache, na Mwalimu aliyetuhutubia alikuwa Mshafii wa kufuata kitabu. Kwake swala ya Ijumaa haikusihi bila wanaume arobaini, yeye mwenyewe akiwemo: baleghe, wakazi wa hapo hasa. Madereva wa malori waliosimama kuswali tuliwakaribisha, swala yao ilisihi, ila hawakuingia kwenye hesabu kwa kuwa ni wasafiri. Wanawake na sisi watoto vilevile. Kila Ijumaa muadhini alipitisha macho safu kwa safu kabla ya kuadhini, na siku ninayoikumbuka walitimia arobaini kamili, hakuna wa ziada.

Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kahawa imeshamenywa, imeoshwa, imeanikwa juu ya vichanja, na ikilowa upya inaharibika, bei inaanguka. Mwalimu alikuwa amesimama na fimbo yake kwenye hutuba ya kwanza, ameshamhimidi Mola na kumswalia Mtume, mara mvua ikapiga bati bila hata kunguruma. Baba akanyanyuka. Jirani yetu akanyanyuka nyuma yake. Wakatoka mbio.

Hakuna aliyesema neno, maana hutuba husikilizwa kimya. Mwalimu akaendelea kutuusia uchamungu, mpaka akamwona muadhini ameinua vidole viwili kuelekea mimbari. Akanyamaza palepale. Nilikuwa karibu na mlango, nikageuza macho mara kwake, mara kwenye njia ya mgombani. Alikuwa ametulia kabisa, kidevu juu ya mkono ulioshika fimbo, midomo inacheza kwa dhikiri. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata angesema wa nyuma wasingesikia, na sharti ni hao arobaini wazisikie nguzo za hutuba. Nilitamani baba arudi, na nilitamani kahawa ipone. Ada yangu ilikuwa juu ya vile vichanja.

Walirudi wameloa chapachapa, wakakaa mahali pao. Sasa Mwalimu alikuwa na swali la kujijibu mwenyewe. Waliotoka wakirudi upesi, khatibu huendelea alipoishia, ila nguzo iliyosomwa wakiwa nje huirudia. Kwa hiyo wasia ulikuwa lazima urudiwe. Muda ukizidi kadiri ya rakaa mbili nyepesi, hutuba imekatika na huanzwa upya. Nadhani alitilia shaka muda, kwa sababu alianza tena kwenye Alhamdulillahi. Akahimidi, akaswalia, akausia, akasoma aya moja, akakaa. Akasimama akayarudia matatu yale ya mwanzo na kuwaombea waumini. Ilikuwa fupi ajabu. Tukaswali rakaa mbili.

Ugomvi ulikuwa barazani. Kijana mmoja aliyetoka kusoma alisema hapakuwa na haja ya kuwasubiri wala kuanza upya. Msafara wa biashara ulipoingia Madina, watu walimwacha Mtume amesimama anahutubu, wakabaki kumi na wawili, na Ijumaa haikuvunjika. Mwalimu akamjibu kwamba riwaya haisemi kama waliotoka hawakurejea kabla ya nguzo kutimia. Yeye alishika habari ya Kaab bin Malik, kwamba As'ad bin Zurara alipowaswalisha Ijumaa ya kwanza Madina walikuwa arobaini. Kijana akasema, "Walitokea kuwa arobaini, Mwalimu. Hakuna aliyesema wangekuwa thelathini wasingeswali." Mzee mwingine akakumbusha kwamba kwa Abu Hanifa imamu na watu watatu wanatosha, na Wamaliki wanataka kumi na wawili mbali na imamu. Mwalimu hakukasirika. Alisema anayajua hayo, ila amepewa dhamana ya Ijumaa ya watu, na hapendi kuwarudisha nyumbani na swala yenye shaka.

Baba alikaa pembeni, akikamua kanzu, hakuchangia. Usiku nilimuuliza kama alifanya dhambi. Akasema aya ya waliokimbilia biashara anaijua, na ndiyo iliyomrudisha mbio. Kama si hiyo angebaki kufunika na vichanja vya upande wa pili, ambavyo vililowa vyote.

Leo naona hoja ya kijana ina nguvu: hadithi ya As'ad inaeleza kilichotokea, na kuifanya sharti kunahitaji dalili zaidi. Lakini kila nikitaka kumwambia mwanangu "swalini, tisa mnatosha," namwona yule mzee amenyamaza juu ya mimbari, anawasubiri watu wawili, na ulimi unakuwa mzito. Nitamwambia kauli zote mbili, na kwamba wakipata usafiri wa kufika msikitini waende.